Siku na saa ya kutuma maombi ya kazi kwa barua pepe

Kama tangazo lina tarehe ya mwisho, siku ya kutuma haibadilishi sana nafasi yako, kwa sababu mara nyingi maombi husomwa kwa pamoja baada ya dirisha kufungwa. Kinachoweza kukuponza ni kusubiri saa za mwisho. Tuseme mwisho ni Ijumaa saa kumi na moja jioni: tuma Jumanne au Jumatano asubuhi, kisha fungua kikasha chako baada ya dakika chache, na tena kesho yake. Vyeti vilivyoskaniwa kwa rangi hufikisha kwa urahisi megabaiti 20, na seva ya mwajiri ikikataa mzigo huo, utarudishiwa ujumbe kutoka "Mail Delivery Subsystem" ukiwa bado na siku za kupunguza ukubwa wa faili na kutuma upya.

Saa ina uzito zaidi pale unapomwandikia mwajiri ambaye hajatangaza nafasi. Hapo mimi huchagua saa tatu asubuhi katikati ya wiki, maana barua ya Ijumaa jioni hufukiwa na nyingine kabla ya Jumatatu.