Kabla hujagawa gharama za alizeti kwa asilimia sawa ya faida ghafi

Vitabu ninavyovishika ni vya kinu kidogo cha alizeti huku Lira, kaskazini mwa Uganda. Mbegu zinaletwa kwa malori kutoka Lira kwenyewe, Dokolo, Apac na Oyam, zinapashwa moto, zinakamuliwa, na kinatoka kitu cha aina mbili kwa mpigo mmoja: mafuta na mashudu. Huwezi kusema mbegu hii ilinunuliwa kwa ajili ya mafuta na ile kwa ajili ya mashudu, kwa sababu kila mbegu imetoa vyote viwili. Baada ya hapo njia zinaachana. Mafuta yanakwenda kusafishwa na kujazwa kwenye jerikeni za lita 20. Mashudu yanakwenda kwenye mashine ya vidonge vya chakula cha mifugo, kisha yanafungwa kwenye magunia ya kilo 50.

Mwenye kinu aliagiza gharama za pamoja zigawanywe kwa namna ambayo bidhaa zote mbili zitabaki na asilimia ile ile ya faida ghafi. Njia hiyo inakubalika. Kiwango cha kimataifa cha hesabu za bidhaa, IAS 2, kinadai tu kwamba mgawanyo wa gharama za pamoja uwe na mantiki na usibadilishwe ovyo, na kinaruhusu kutumia thamani ya mauzo ya bidhaa ikiwa imekamilika. Lakini inahitaji maandalizi, na inaficha jambo moja ambalo mwenye kinu lazima alijue kabla hajaisoma ripoti. Tarakimu ninazotumia hapa nimezirahisisha ili hesabu ifuatike.

Kwanza, kubalianeni mahali bidhaa zinapotengana. Kwenye kinu chetu ni mdomo wa mashine ya kukamua. Kila kilichotumika kabla ya hapo ni gharama ya pamoja: bei ya mbegu, kupakua, kupepeta, kuni za kupasha mbegu moto, mishahara ya wakamuaji. Kuchuja mafuta ghafi kumeshavuka mpaka, kwa hiyo ni gharama ya mafuta peke yake. Umeme ndio unaosumbua, kwa sababu bili ni moja kwa kiwanda kizima. Tulifunga mita ndogo kwenye mtambo wa kusafisha na nyingine kwenye mashine ya vidonge, na fundi anasoma zote mbili jioni ya siku ya mwisho ya mwezi. Bila mita hizo utabaki kukisia.

Utelezi unaobaki baada ya kusafisha mafuta, ule wanaoununua watengeneza sabuni, hauingii kwenye mgawanyo. Thamani yake ni ndogo mno kuitwa bidhaa kuu. Pesa yake tunaipunguza kwenye gharama, basi.

Pili, hesabu ulichozalisha, usihesabu ulichouza. Hapa ndipo nimeona wahasibu wengi vijana wakianguka. Mwezi wetu wa mfano ulikamua tani 100 za mbegu, zikatoa jerikeni 1,600 za mafuta safi na magunia 1,250 ya vidonge. Jerikeni inauzwa shilingi 100,000 na gunia shilingi 32,000. Thamani ya mafuta ni milioni 160, ya vidonge milioni 40, jumla milioni 200, hata kama nusu ya magunia bado yamo stoo. Bei iwe ile ya kinuni, bila VAT. Pale inapotozwa asilimia 18, hiyo ni pesa ya serikali inayopita mikononi mwako tu.

Ukichukua mauzo badala ya uzalishaji, tuseme magunia 750 tu ndiyo yaliyotoka, utaandika milioni 184 halafu uzitoe gharama zote za mwezi, ambazo tutaona ni milioni 160, na faida itashuka hadi kama asilimia 13. Magunia 500 yaliyobaki stoo yatakuwa hayana gharama hata shilingi. Dalili yake ni rahisi kuiona: mwezi unaofuata yakiuzwa, faida inaruka bila sababu.

Tatu, weka gharama za mwezi mezani kabla hujagusa mgawanyo. Mbegu kwa shilingi 1,100 kwa kilo ni milioni 110, kukamua ni milioni 14, kwa hiyo gharama za pamoja ni milioni 124. Kusafisha mafuta na jerikeni zake ni milioni 18. Vidonge na magunia yake ni milioni 18 pia. Gharama zote pamoja ni milioni 160.

Sasa hesabu yenyewe, ambayo inakwenda kinyumenyume ukilinganisha na zile tulizozoea. Thamani ya milioni 200 ukitoa gharama za milioni 160 inabaki faida ghafi ya milioni 40, yaani asilimia 20. Unaipa kila bidhaa asilimia hiyo. Mafuta yana thamani ya milioni 160, faida yake ni milioni 32, kwa hiyo gharama yake yote lazima iwe milioni 128. Milioni 18 zinajulikana, ni za kusafisha. Zinazobaki, milioni 110, ndizo sehemu ya mafuta katika gharama za pamoja. Vidonge vina thamani ya milioni 40, faida milioni 8, gharama yote milioni 32. Toa milioni 18 za kuvitengeneza, zinabaki milioni 14. Jumlisha 110 na 14 upate 124. Isipolingana, kuna tarakimu umeiandika mara mbili au umeisahau. Gunia moja sasa limebeba gharama ya shilingi 25,600, na hiyo ndiyo bei ya kuthaminia yaliyobaki stoo.

Wengi wanaishia hapo. Mimi naomba tukae kidogo kwenye hatua hiyo ya mwisho, kwa sababu ndimo lilimojificha jambo lenyewe. Gharama ya vidonge, milioni 32, imetoka kwenye thamani ya mauzo na asilimia ya kinu kizima. Haikutoka kwenye mashine ya vidonge. Gharama za mashine zilikuja baadaye, kama kitu cha kutoa tu. Hata ukikosea ukapeleka umeme wa vidonge kwenye gharama za pamoja, gharama ya gunia itabaki ile ile shilingi 25,600. Kinachobadilika ni jina la fungu, gunia halibadiliki.

Itazame kwa upande mwingine. Mashine ya vidonge iharibike, ile tundu lake la kutolea lizibe kila siku, na gharama zake zipande kwa milioni 10. Faida ghafi ya kinu inashuka hadi milioni 30, sawa na asilimia 15. Mafuta sasa yatabeba gharama ya milioni 136 badala ya 128, na vidonge milioni 34 badala ya 32. Kosa limetokea upande wa vidonge, lakini milioni 8 kati ya 10 zimeangukia mafuta. Meneja wa mafuta ataulizwa kwa nini faida yake imeshuka, ilhali yeye hajagusa kitu. Kwa hiyo, kabla hujaitumia njia hii kumpima mtu kazi yake, hakikisha kuna karatasi nyingine inayoonyesha gharama za kila upande baada ya kutengana, mwezi kwa mwezi, kwa gunia na kwa jerikeni. Zile mita ndogo nilizozitaja zinafaa zaidi kwa karatasi hiyo kuliko kwa mgawanyo.

Jiandae pia kwa tarakimu hasi, maana siku ikija itakutisha. Gharama za vidonge zikifika milioni 37, gharama zote zinakuwa milioni 179 na faida asilimia 10.5. Gharama yote inayoruhusiwa kwa vidonge ni milioni 35.8, ilhali kuvitengeneza tu kumekula 37. Ili vifikie wastani wa kinu, vinapewa gharama za pamoja za hasi milioni 1.2, na mafuta yanabeba milioni 125.2. Usiifute ukaandika sifuri, kwani jumla haitalingana tena na milioni 124. Hesabu haina kosa. Inakuambia kwamba mafuta yanavisaidia vidonge ili vionekane sawa nayo. Ukiiona hasi, au hata fungu dogo lisilolingana na akili, mpigie simu mwenye kinu kabla ya kufunga mwezi.

La mwisho ndilo lililotugharimu. Uliza bei ya mashudu yakiwa bado yamelala chini ya mashine ya kukamua. Ripoti yetu ilionyesha vidonge vikileta faida ya asilimia 20, milioni 8 nzima, na mwenye kinu alikuwa ameanza kutafuta mkopo wa mashine ya pili. Nilikwenda kuuliza kwa wafuga kuku wanaochanganya chakula wenyewe. Walikuwa tayari kununua mashudu ghafi kwa shilingi 400 kwa kilo, mlangoni, kwa magunia yao. Mashudu ya mwezi yalikuwa kilo 62,500, yaani milioni 25.

Linganisha pesa inayoongezeka baada ya kutengana, uziache gharama za pamoja kabisa, kwa kuwa zimeshatumika vyovyote utakavyoamua. Vidonge vinaongeza thamani kutoka milioni 25 hadi 40, yaani milioni 15. Kuvitengeneza kunagharimu milioni 18. Kila mwezi milioni 3 zilikuwa zinapotea, na ripoti ikiziita faida. Njia hii haiwezi kuonyesha hilo, kwa sababu kazi yake ni kuzipa bidhaa zote asilimia sawa.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini basi tusigawe kwa bei za mlangoni tangu mwanzo. Kama bidhaa zote mbili zingekuwa na bei hapo zinapotengana, ningefanya hivyo. Mafuta ghafi ya kinu chetu hayauzwi hata tone. Kwa hiyo kwenye vitabu tumebaki na njia ya asilimia sawa, kila mwezi kwa namna ile ile, na bei ya mlangoni ya mashudu inaandikwa kila Jumatatu kwenye daftari la mizani.

Mkopo hakuuchukua. Mwezi uliofuata mashine ya vidonge ilizimwa na mashudu yakauzwa ghafi. Kwa tarakimu hizi za mfano, thamani ya mazao ni milioni 185, gharama milioni 142, na faida ghafi milioni 43 pale zilipokuwa 40.