Mrithi hayupo: mambo ya kuzingatia kabla ya kufungua mirathi

Kosa kubwa hufanyika mapema, kwenye orodha ya warithi. Familia humruka asiyekuwepo kwa kuhofia kwamba jina lake litachelewesha mambo. Mahakama inaweza kuendelea bila yeye kufika, lakini usimamizi uliopatikana kwa kumficha unaweza kubatilishwa hata baada ya mali kugawanywa. Mwandikeni, na mseme yuko wapi au alisikika lini mara ya mwisho.

Aliye gerezani ndiye mwepesi zaidi. Kifungo peke yake hakimwondolei urithi, isipokuwa kama yeye ndiye aliyemuua marehemu. Ombeni ruhusa ya uongozi wa gereza mapema, ili atie saini hati ya kuridhia maombi ya usimamizi mbele ya ofisa anayeruhusiwa kushuhudia viapo. Aliye ng'ambo husaini huko aliko, ridhaa au hati ya uwakilishi. Ikiwa nchi zote mbili zinautumia kati yao Mkataba wa Hague wa 1961, hati hiyo hubandikwa apostili, yaani cheti cha serikali kinachothibitisha saini na mhuri, na haihitaji tena kuthibitishwa ubalozini.

Kazi iko kwa asiyejulikana aliko. Anzeni daftari la kumtafuta: nani aliulizwa, tarehe gani, alijibu nini. Hifadhini barua zilizorudi, ujumbe usiojibiwa na taarifa mliyotoa polisi. Hayo ndiyo yatakayojaza hati ya kiapo mtakapoiomba mahakama iwaruhusu kumwita kwa tangazo la gazeti. Kiapo kinachosema tu "tumemtafuta bila mafanikio" hakimshawishi hakimu.

Tuseme mzee ameacha nyumba ya kupangisha na watoto watatu wanaogawana sawa, na wa kati hajasikika kwa miaka minne. Hawawezi kumhesabu amekufa. Nchi nyingi zilizorithi sheria ya Kiingereza hutaka miaka saba ya ukimya kwa watu ambao angewasiliana nao kama yu hai. Basi wawili waliopo wanaomba usimamizi, wanaambatisha kiapo na tangazo, na theluthi yake inabaki kwa jina lake. Kila kodi ikiingia, gharama zikishatolewa, theluthi inawekwa kwenye akaunti ya pekee au mahakamani. Nyumba ikilazimika kuuzwa, waombe kwanza kibali cha mahakama, na fungu lake lihifadhiwe vivyo hivyo.

Hata miaka saba ikitimia, fungu hilo haliwarudii ndugu moja kwa moja. Kama alikufa baada ya baba yake, urithi ulikwisha kuwa wake, na sasa ni wa mjane na watoto wake. Kama alitangulia kufa, hesabu ni nyingine, na dhana ya kisheria kwamba amekufa kwa kawaida haisemi alikufa siku gani. Kwa hiyo kila mnayemhoji kuhusu aliko, mwulizeni pia kama alioa au alipata mtoto, na jibu liingie katika daftari lilelile.