Picha moja ya kiondo: kuibana, kuipa jina na kuiandikia alt

Somo hili linafuata picha moja tu, kutoka kwenye simu hadi kwenye ukurasa wa tovuti yako: tutaibana, yaani kupunguza uzito wa faili, tutaipa jina, kisha tutaiandikia alt, yaani maneno mafupi yanayoeleza picha ndani ya msimbo wa ukurasa. Ni picha ya kiondo cha mkonge, kama vile vinavyouzwa City Market pale Muindi Mbingu. Nimekichagua kiondo kwa sababu ni kigumu kubana. Ukuta uliopakwa rangi moja hubanwa ukabaki faili ndogo sana, lakini msuko wa mkonge ni nyuzi nyingi zinazopishana, na kila uzi unadai nafasi yake ndani ya faili. Ukikiweza kiondo, viatu na sufuria havitakusumbua.

Simu nyingi hupiga picha ya pikseli 4000 kwa 3000, nayo huwa na MB 4 hivi. Weka picha kumi za namna hiyo kwenye ukurasa mmoja, mteja wako atapakua MB 40 ili aone viondo kumi. Aliye ndani ya matatu Thika Road, na bando ya siku inayokaribia kuisha, atarudi nyuma kabla picha ya kwanza haijafunguka.

Hatua ya 1: punguza upana kwanza

Wengi hukimbilia kushusha ubora na kuacha vipimo vilivyo. Matokeo yake ni picha kubwa yenye madoa. Anza na vipimo. Fungua squoosh.app kwenye kivinjari na uiburute picha humo. Kazi yote hufanyika kwenye kifaa chako, picha haitumwi popote. Washa `Resize`, kisha kwenye `Width` andika 1200. Kimo kitajirekebisha chenyewe kuwa 900.

Kwa nini 1200? Kurasa nyingi za simu zina upana wa vipimo kama 360 hadi 412, na skrini nzuri huhitaji pikseli mbili au tatu kwa kila kipimo kimoja. Kwa hiyo 1200 inatosha hata kwa simu kali. Pikseli milioni 12 sasa zimebaki milioni 1 na kidogo, na bado hatujagusa ubora.

Hatua ya 2: bana

Kwenye `Compress` chagua WebP, ambayo ni aina ya faili ya picha nyepesi kuliko JPEG, na uache ubora kwenye 75. Katikati ya skrini kuna mstari unaousogeza kushoto na kulia ili kulinganisha picha ya asili na iliyobanwa. Kuza picha, ulete mstari juu ya msuko. Angalia kama nyuzi bado zinahesabika, na kama ukingo wa kishikio cha ngozi umebaki mkali au umeota ukungu. Ukiona nyuzi zimeungana kuwa kama uji, panda hadi 80. Zikiwa safi, jaribu 70. Jicho lako ndilo liamue, kwa sababu namba ileile hutoa matokeo tofauti kwa picha tofauti.

Picha ya kiondo kwa kawaida itatua kati ya KB 150 na 250. Sufuria inayong'aa kwenye meza nyeupe itashuka chini zaidi ya hapo. Usilazimishe zote zifike kiwango kimoja.

Hatua ya 3: jina la faili

`IMG_20250312_101455.jpg` halimwambii mtu chochote, wala Google. Andika `kiondo-mkonge-vishikio-ngozi.webp`: herufi ndogo, maneno machache, na kistari kati ya maneno. Usitumie kistari cha chini. Jina ni dokezo dogo tu, kwa hiyo usilipotezee saa nzima.

Hatua ya 4: alt

Hapa ndipo penye uzito. Maneno ya `alt` husomwa kwa sauti na programu inayomsaidia asiyeona, huonekana picha ikikataa kufunguka, na huisaidia Google kuelewa picha inaonyesha nini. Mwandikie huyo mtu wa kwanza, na wengine watafaidika.

Chukulia umempigia dada yako simu unamweleza kiondo kilicho mbele yako. Hutamwambia "kiondo" ukanyamaza. Wala hutasema "kiondo Nairobi viondo bei nafuu nunua kiondo Kenya". Mrundiko wa aina hiyo humchosha msikilizaji, na Google yenyewe inaonya kwamba unaweza kuifanya tovuti ionekane ya taka. Utasema: "Kiondo cha mkonge chenye mistari ya kahawia na vishikio virefu vya ngozi." Hiyo ndiyo alt yako. Usianze na "Picha ya", maana programu ya kusomea tayari imetangaza kwamba hii ni picha. Bei na mahali pa duka viweke kwenye maandishi ya ukurasa, karibu na picha, kwa kuwa Google husoma pia maneno yanayoizunguka.

Pambo lisilo na maana yoyote, kama mstari wa maua, lipe `alt=""`. Usiifute alt kabisa, kwa sababu baadhi ya programu zitaanza kusoma jina la faili.

Hatua ya 5: iweke kwenye ukurasa

```html
<img src="/picha/kiondo-mkonge-vishikio-ngozi.webp"
     width="1200" height="900"
     style="max-width:100%;height:auto"
     alt="Kiondo cha mkonge chenye mistari ya kahawia na vishikio virefu vya ngozi">
```

`width` na `height` humwezesha kivinjari kutenga nafasi mapema, ili maandishi yasiruke picha inapoingia. Picha za chini ya ukurasa ziongezee `loading="lazy"`. Ile ya juu kabisa usiiwekee, utaichelewesha bure.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mimi hutumiwa picha na mafundi kwa WhatsApp. Nazibana tena?*

Hapana, zimeshabanwa, na ukizibana tena utaongeza madoa juu ya madoa. Waombe wakutumie kama `Document`, picha ifike ilivyo. Kisha anza hatua ya 1.

*Viondo vyangu vina uzi mwekundu juu ya mweupe. Nikibana, nyekundu inavuja pembeni hata nikipandisha ubora.*

Uko sahihi, ubora pekee hautaponya hilo. WebP ya kawaida huhifadhi rangi kwa nusu ya vipimo vya picha, upana na kimo, kwa hiyo mpaka mkali wa rangi hupoteza makali. Kwenye squoosh.app fungua `Advanced settings`, uweke alama kwenye kisanduku kinachoanza na `Sharp RGB`. Faili itakua kidogo, lakini ukingo utasafika.

*Wateja wangu wanatafuta kwa Kiingereza na Kiswahili. Niandike alt kwa lugha zote mbili?*

Fuata lugha ya ukurasa. Programu ya kusomea hutamka kwa lugha ambayo ukurasa umeitangaza, na sentensi iliyochanganywa itasikika vibaya. Ukitaka wote wawili, tengeneza kurasa mbili, kila mmoja na alt yake.

*Nina picha nyingi mtandaoni zenye majina ya IMG. Nizibadilishe zote?*

Ziache. Ukibadilisha jina umebadilisha anwani ya picha, na Google italazimika kuigundua upya. Rekebisha alt kwanza, maana hiyo haivunji kitu. Ukitumia WordPress, kumbuka kwamba alt unayoibadilisha kwenye `Media Library` haiingii yenyewe kwenye makala uliyokwisha kuchapisha. Ingia kwenye makala uibadilishe humo.

*Nimefanya yote hayo lakini picha hazionekani kwenye utafutaji wa picha.*

Tazama kwanza kama ukurasa wenyewe umeingia Google, kwa kutumia `URL Inspection` ndani ya Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti. Ukiwa umo, fungua `robots.txt` ya tovuti yako, faili inayoiambia Google sehemu za kutopitia, utafute mstari kama huu:

```
Disallow: /picha/
```

Ukiwepo, uondoe. Halafu angalia kama picha umeiweka kama mandharinyuma ya CSS, yaani kupitia msimbo wa mitindo ya ukurasa. Google haiorodheshi picha za namna hiyo, ni lazima iwe ndani ya `<img>`. Ukikuta yote mawili yako sawa, basi subiri, kwa sababu picha huchukua muda mrefu kuliko kurasa kuingia.