Somo: Kuomba miadi na meneja wa benki kuhusu mkopo wa biashara, na namna ya kutaja karatasi utakazobeba

Wengi wakitaka mkopo huenda benki moja kwa moja, hupanga foleni ya huduma kwa wateja na kuishia kupewa fomu. Fomu haina ubaya, ila ukishaijaza umeshaomba mkopo. Miadi ni kitu kingine. Unakwenda kuzungumza na meneja wa tawi au afisa mikopo wake kabla ya kuomba, ili akuambie ni mkopo gani unakufaa na karatasi ipi ina kasoro. Unayajua hayo kabla hujatoa hata shilingi ya mthamini. Kwa hiyo barua ya miadi isiombe pesa, iombe muda. Meneja akiisoma aweze kukuelewa, na amwite afisa anayehusika akae naye siku hiyo.

Nitatumia mfano wa dada mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kihonda, Morogoro. Masika yakiisha mwezi Mei watu wanaanza kujenga, naye anataka mzigo uwe dukani mapema Juni. Anahitaji milioni 6: milioni 4 za mabati, milioni 1.5 za nondo na laki 5 za saruji. Saruji kaiweka kidogo kwa makusudi, maana mifuko ikikaa muda mrefu kwenye unyevu inaganda.

Hatua ya kwanza: linganisha karatasi zako kabla ya kuandika

Zitandaze zote mezani: kitambulisho cha NIDA, TIN, leseni ya biashara, cheti cha jina la biashara kutoka BRELA, taarifa ya akaunti, na nakala ya hati ya dhamana. Anza na majina. Kama NIDA ina majina matatu na leseni ina mawili, au duka linaitwa hivi BRELA na vingine kwenye leseni, afisa ataliona jambo hilo mara tu atakapofungua faili. Kisha tazama tarehe. Leseni iliyobakiza wiki mbili ihuishe kwanza.

Halafu angalia mauzo, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Dada wa Kihonda anauza kama milioni 7.5 kwa mwezi, yaani milioni 90 kwa mwaka. Akaunti yake inaonyesha milioni 5 tu zinazoingia kila mwezi, kwa sababu fedha nyingine anamlipa nazo msambazaji mkononi. Akiandika milioni 7.5 bila maelezo, meneja atakuwa na namba mbili zinazopingana. Afadhali aseme mapema: milioni 5 zinapita benki, zilizobaki zipo kwenye daftari la mauzo na risiti za mashine. Mauzo hayo pia yafanane na aliyoyatangaza TRA. Huwezi kuwa mdogo kwa TRA halafu mkubwa kwa benki. Karatasi zote mbili zitakaa kwenye faili moja.

Hatua ya pili: piga hesabu ya rejesho

Katika milioni 7.5 anabakiwa na faida ya kama 1,350,000 baada ya kulipia mzigo. Akitoa kodi ya fremu 200,000, mshahara wa kijana 200,000, na umeme, usafiri na kodi ya serikali 150,000, zinabaki 800,000. Milioni 6 kwa miezi 12, tuseme kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka inayohesabiwa kwenye salio linalopungua, ni rejesho la kama 550,000 kwa mwezi. Anabaki na 250,000 za nyumbani. Ni pembamba, lakini sasa anajua la kuuliza: je, miezi 18 inawezekana? Swali la namna hiyo ndilo linalostahili miadi.

Hatua ya tatu: andika

Ukurasa mmoja unatosha. Ile sentensi ya "husika na kichwa cha habari hapo juu" unaweza kuiacha, inakula nafasi tu. Barua ya dada huyu ilikuwa hivi (majina na namba za simu nimeondoa):

*Meneja wa Tawi,*
*(Jina la benki na tawi),*
*Morogoro.*

*YAH: OMBI LA MIADI KUZUNGUMZIA MKOPO WA BIASHARA*

*Ndugu Meneja,*

*Mimi ni mteja wa tawi lako, namba ya akaunti imeandikwa chini. Nina duka la vifaa vya ujenzi Kihonda, ninaloliendesha kwa leseni ya Manispaa. Ninaomba nafasi ya kama nusu saa ya kuonana nawe, au na afisa mikopo utakayemteua, tuzungumzie mkopo wa shilingi milioni 6 wa kununua mabati, nondo na saruji kabla ya mwezi Juni.*

*Mauzo yangu ni wastani wa shilingi milioni 7.5 kwa mwezi. Kati ya hizo, kama milioni 5 hupita kwenye akaunti na zilizobaki ni taslimu, nazo zimeandikwa katika daftari la mauzo.*

*Nitakuja na karatasi hizi:*
*kitambulisho cha NIDA, TIN na cheti cha uthibitisho wa mlipa kodi;*
*leseni ya biashara iliyo hai na cheti cha BRELA;*
*taarifa ya akaunti ya miezi 12 na taarifa ya lipa namba ya miezi 6;*
*daftari la mauzo na ankara za wasambazaji za miezi 6;*
*nakala ya hati ya nyumba tunayoishi, iliyo kwa jina la mume wangu. Amekubali itumike kuwa dhamana na yuko tayari kuja.*

*Ambacho hakijawa tayari ni taarifa ya uthamini wa nyumba. Ningependa kwanza kupata maelekezo yako kuhusu mthamini.*

*Ningeweza kufika Jumanne au Alhamisi ya wiki ijayo, asubuhi, au siku nyingine itakayokufaa.*

*Wako mwaminifu,*
*(jina kamili kama lilivyo NIDA, sahihi, simu, namba ya akaunti)*

Kuna mambo mawili hapo ya kuzingatia. La kwanza ni mume. Nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza, sheria ya ardhi inataka hivyo, na mwenye jina kwenye hati ndiye atakayesaini rehani. Mameneja wamekutana na migogoro ya aina hii mara nyingi, kwa hiyo ile sentensi ya "yuko tayari kuja" inawaondolea wasiwasi mmoja mkubwa. La pili ni mthamini. Benki nyingi zina orodha yao ya wathamini. Ukitangulia kumlipa wa kwako, taarifa yake inaweza kukataliwa na ukalipa upya.

Na uangalie kwamba kaandika *nakala* ya hati. Siku ya mazungumzo hati halisi unaweza kuionyesha, ila usiiache. Inabaki benki mkishasaini mkataba, tena kwa maandishi ya kuipokea.

Hatua ya nne: ifikishe

Chapa nakala mbili. Moja waachie mapokezi, ya pili waigonge muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo. Kama tawi linapokea barua pepe, itume huko pia, lakini usiambatanishe hati wala kitambulisho. Orodha inatosha kwa sasa. Epuka siku za mwisho wa mwezi, mishahara inatoka na tawi linafurika.

Kama tayari una namba ya afisa mikopo, ujumbe mfupi unafaa: *"Habari za kazi. Mimi ni mteja wenu, nina duka la vifaa vya ujenzi Kihonda. Naomba miadi wiki ijayo kuzungumzia mkopo wa mtaji wa mil. 6. Nina leseni, TIN, taarifa ya akaunti ya miezi 12 na nakala ya hati. Jumanne au Alhamisi asubuhi itakufaa?"*

MASWALI YA WANACHAMA

Fundi aluminiamu, Tegeta: Mkuu, mimi pesa zangu zote zinapita kwenye simu, akaunti ina elfu ishirini. Nitaje nini?

Jibu: Taja taarifa ya simu, ya miezi 6 au 12, uiombe kwenye kampuni ya simu mapema. Kama ni lipa namba, vizuri zaidi, kwa sababu ni mauzo matupu. Kama ni laini yako ya kawaida, humo kuna ada za watoto na michango ya harusi. Pitia na kalamu uweke alama kwenye malipo ya wateja, kisha uandike kwenye barua kwamba umefanya hivyo. Na kuanzia sasa uwe unahamishia mauzo kwenye akaunti.

Mama lishe, Moshi: Hati ipo kwa jina la marehemu baba, na ndugu zangu wote wamekubali. Naweza kuitaja?

Jibu: Pole, dada. Kukubaliana kwa mdomo hakutoshi. Lazima mahakama iteue msimamizi wa mirathi, na mali ikigawiwa jina libadilishwe. Kabla ya hapo usiiandike kama dhamana. Andika hivi: "kuhusu dhamana, ningependa kujua kama kuna mkopo usiohitaji hati ya nyumba." Benki nyingi zina mikopo midogo inayodhaminiwa na vifaa vya biashara au wadhamini.

Muuza spea, Geita: Nina mkopo mwingine sehemu, bado miezi minne. Nikiutaja si nitajiharibia?

Jibu: Utaje. Benki inapekua taarifa zako kwenye kampuni za taarifa za mikopo zenye leseni ya Benki Kuu, kama Creditinfo, na mkopo huo huenda ukaonekana. Sentensi moja inatosha: kiasi kilichobaki, rejesho la mwezi, na mwezi utakaomaliza. Halafu rudi hatua ya pili uondoe rejesho hilo kwenye faida kabla hujataja kiasi kipya.

Mwanachama, Dodoma: Wamesema niwe na hesabu zilizokaguliwa. Mimi ni wa makadirio tu.

Jibu: Nani kasema, mlinzi au afisa mikopo? Mfanyabiashara mdogo anayelipa kodi kwa makadirio kwa kawaida hadaiwi hesabu zilizokaguliwa. Hizo ni za kampuni na wakubwa. Andika ulichonacho: makadirio ya TRA, risiti za malipo na daftari la mauzo. Afisa akitaka zaidi atakwambia mkikaa.

Muuza nafaka, Kibaigwa: Kuna kaka anasema anajuana na meneja, atanipatia miadi nikimpa asilimia tano ya mkopo.

Jibu: Miadi ni bure. Asilimia tano ya milioni 6 ni laki tatu, na huyo kaka hasaini popote. Chapa barua, nenda nayo mapokezi.

Fundi aluminiamu, Tegeta: Nimepeleka juzi Jumatatu, kimya. Nirudi?

Jibu: Mpaka siku tatu za kazi zipite. Kisha piga simu ya tawi, utaje tarehe iliyo kwenye muhuri. Wakisema hawaioni, nenda na nakala yako iliyogongwa muhuri na umuulizie afisa mikopo, sio meneja. Yeye ndiye atakayeishika hata hivyo.