Jedwali la regresheni: badilisha kitenzi kwanza

Nimepitia rasimu ya mwanafunzi hapa Tabora kuhusu ufugaji nyuki. Akieleza namba ya kwenye jedwali lake la regresheni, aliandika: "Kila mzinga wa kisasa huongeza mapato kwa shilingi 40,000." Toa "huongeza", weka kaya mbili: "Kati ya kaya zenye elimu na ukubwa sawa, iliyo na mzinga mmoja zaidi ina mapato makubwa kwa wastani wa shilingi 40,000." Inasaidia kwa sababu data yake ilikusanywa mara moja tu. Inalinganisha kaya tofauti, haikufuatilia kaya ileile kabla na baada ya kupata mzinga. Ukiisoma hivyo, swali linajitokeza lenyewe: je, si wenye pesa ndio walioweza kununua mizinga? Nyota tatu pembeni ya namba hiyo kwenye jedwali hazijibu hilo. Zinasema tu kwamba, kama kwa kweli kusingekuwa na tofauti, ingekuwa nadra kupata namba kubwa hivyo kwa bahati.

Kama mizinga iligawiwa kwa kura, usibadilishe, hapo "huongeza" ni halali. Na angalia mapendekezo mwishoni: yakisema "igawiwe mizinga ili mapato yapande", dai la usababishi limerudi kwa mlango wa nyuma.