SOMO: Hesabu siku, si vidonge wala kumbukumbu. Namna ya kujua kama dawa ya kuzuia kipandauso inakufaa

Mshonaji mmoja wa nguo alirudi kliniki baada ya wiki 12 za amitriptilini. Nikamuuliza, dawa inasaidiaje? Akajibu, "Dokta, kichwa bado kinauma, naona tuiache." Nikamwomba daftari lake. Tulipolifungua pamoja, ikawa dawa ile ilikuwa imemrudishia karibu nusu ya maisha yake, ila yeye alikuwa akikumbuka Jumanne iliyopita tu, siku aliyolala gizani na kitambaa kichwani. Kichwa kinachouma leo hufuta vyote vya mwezi mzima. Ndiyo sababu nataka tuelekezane kuhesabu.

Ninazungumzia dawa za kuzuia, zile zinazomezwa kila siku hata kichwa kikiwa kimetulia: amitriptilini, propranololi, topirameti. Dawa za kutuliza, kama parasetamoli na ibuprofeni, tutazihesabu, ila si hizo tunazozipima.

Hatua ya 1: Andika wiki 4 kabla ya kidonge cha kwanza

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mtu huja kliniki mwezi uliomzidi kabisa. Mwezi mbaya namna hiyo, mara nyingi unaofuata huwa na nafuu hata asipomeza chochote. Bila hesabu ya mwanzo, nafuu hiyo itapewa dawa isiyostahili. Kama maumivu yanakuruhusu kungoja na tabibu wako ameridhika, ngoja siku 28 ukiandika. Kama haiwezekani, anza kuandika siku ileile unayopewa dawa, kisha ujaze wiki za nyuma kadiri unavyokumbuka, ukiandika wazi kwamba hizo ni za kukumbuka.

Tumia siku 28, si mwezi wa kalenda. Kila kipindi kinakuwa na Jumatatu 4 na Jumamosi 4, na kwa akina mama wengi hedhi huingia mara moja katika kila kipindi. Februari na Machi hazilingani, wiki 4 na wiki 4 zinalingana.

Hatua ya 2: Chora mistari minne daftarini

Tarehe, ukali, dawa ya kutuliza, maelezo. Ukali uandike kwa namba: 0 hakuna maumivu, 1 yapo lakini kazi inaendelea, 2 yanavuruga kazi, 3 yamenilaza. Jaza kila usiku kabla ya kulala.

Siku njema andika 0, usiache wazi. Nafasi tupu haisemi kama kichwa kilikuwa shwari au ulisahau daftari. Mtu aliyeandika siku za maumivu peke yake hana namna ya kutenganisha hayo mawili, na hesabu yake hudanganya upande wa nafuu. Ukisahau siku 3, gawanya kwa zile ulizojaza: siku 9 za maumivu ndani ya 25 zilizojazwa, mara 28, ni kama siku 10.

Siku ya kichwa ni ipi? Mimi huwaambia wagonjwa wangu: siku yoyote yenye maumivu ya nusu saa au zaidi, au yale mafupi uliyoyamezea dawa. Kikianza saa nne usiku kikafika asubuhi, hizo ni siku 2, japo shambulio ni moja. Ukichagua kanuni yako, usiibadilishe katikati.

Katika mstari wa dawa, tunahesabu siku ulizomeza, si idadi ya vidonge. Vidonge 6 kwa siku moja ni siku 1. Hesabu hiyo ina kazi yake: siku 15 au zaidi kwa mwezi za parasetamoli, aspirini au ibuprofeni, kwa zaidi ya miezi 3, dawa yenyewe huanza kuzalisha maumivu. Kwa triptani, yaani dawa maalumu za kutuliza shambulio la kipandauso, dawa za jamii ya afyuni kama kodeini na tramadoli, na vile vidonge vya mchanganyiko vyenye kafeini ndani, mpaka ni siku 10. Soma pakiti. Vingi vinavyouzwa dukani kwa kichwa ni vya mchanganyiko.

Hatua ya 3: Jaza madodoso mawili

Siku peke yake hazisemi yote. Siku 8 za namba 1 si sawa na siku 8 za namba 3.

HIT-6 ina maswali 6: maumivu makali huja mara ngapi, yanabana shughuli mara ngapi, unatamani kulala mara ngapi, yanakuchosha, yanakukera, yanaharibu umakini. Kila jibu lina alama zake: kamwe 6, mara chache 8, wakati mwingine 10, mara nyingi sana 11, daima 13. Jumla ya chini kabisa ni 36, ya juu 78. Kuanzia 60 athari ni nzito, na 49 kushuka ni ndogo. Ijaze kila mwisho wa wiki 4.

MIDAS inaangalia miezi 3 na inataka siku: ulizokosa kazi au shule kabisa, ulizofanya nusu au chini ya nusu, kisha hayohayo mawili kwa kazi za nyumbani, na mwisho siku ulizokosa mambo ya familia na watu, kama harusi au msiba. Jumlisha. 0 hadi 5 ni kidogo sana, 6 hadi 10 kidogo, 11 hadi 20 wastani, 21 na zaidi ni mzigo mkubwa. Angalizo: siku uliyokosa kazi kabisa usiihesabu tena kwenye "nusu". Lakini siku moja inaweza kuingia kwa kazi na tena kwa nyumbani, maana mwanamke aliyefunga cherehani mchana na kushindwa kupika jioni amepoteza vyote viwili. Aliyejiajiri naye ana kazi, asijiandikie sifuri kwa kuwa hana bosi.

Hatua ya 4: Linganisha kwa wakati wake

Turudi kwa mshonaji wetu. Alianza na nusu ya kidonge cha miligramu 25 usiku, baada ya wiki 2 akafika kidonge kizima. Daftari lake lilisema hivi:

Kabla ya dawa: siku 14 za kichwa, kati ya hizo 8 za namba 2 au 3. Siku 12 za dawa ya kutuliza.
Wiki 1–4: siku 13, kali 7, dawa 10.
Wiki 5–8: siku 12, kali 5, dawa 7.
Wiki 9–12: siku 11, kali 3, dawa 5.

Ukiangalia jumla ya siku za kichwa tu, utamuunga mkono aiache dawa. Kutoka 14 hadi 11 ni punguzo la asilimia 21, na kwa mtu mwenye siku chini ya 15 kwa mwezi, kipimo tunachokitafuta ni nusu. Lakini nusu hiyo hupimwa kwa siku za kipandauso au siku za maumivu ya wastani na makali. Zake zimetoka 8 hadi 3, punguzo la zaidi ya asilimia 60. Dawa haikufuta siku zake zote. Imezishusha daraja, zile za kulala zimekuwa za kuvumilika.

HIT-6 ikathibitisha. Mwanzo alijibu 11, 11, 13, 10, 11, 10, jumla 66. Mwisho 10, 10, 10, 8, 10, 8, jumla 56. Kwa mtu mmoja, kushuka alama 5 au 6 ndiko tunakokuhesabu kuwa mabadiliko ya kweli. Alama 1 au 2 ni upepo. MIDAS ilitoka 32 hadi 13, na kwa aliyeanza juu ya 20 tunataka ishuke walau asilimia 30. Kumbuka MIDAS ile ya pili ilibeba pia wiki za mwanzo, dawa ilipokuwa haijakolea, kwa hiyo huchelewa kuonyesha nafuu.

Uamuzi: dawa ibaki. Alilalamika kinywa kikavu na uzito wa usingizi asubuhi, tukasogeza muda wa kumeza hadi saa mbili usiku. Asubuhi zake zikawa nyepesi.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mama kutoka Tanga:* Shikamoo dokta. Mie kichwa hakiniachi hata siku moja. Nihesabu nini, na kila siku ni 1?

Marahaba mama. Hesabu vitu viwili: siku za namba 2 na 3, na siku safi za 0, hata ikiwa ni moja. Kwa wenye siku 15 na zaidi kwa mwezi, punguzo la asilimia 30 tayari lina maana, usingoje nusu. Na tafadhali nijibu: kwa mwezi unameza dawa ya kutuliza siku ngapi?

*Mama kutoka Tanga:* Kama 25 hivi.

Basi hapo ndipo pa kuanzia. Nenda na hesabu hiyo kituoni mapema, usikate mwenyewe kama unatumia dawa za jamii ya afyuni. Siku za mwanzo za kuacha kichwa huzidi, na ni vizuri tabibu awe anajua.

*Dereva wa bodaboda, Mwanza:* Dokta, MIDAS yangu ni 4 tu, lakini kichwa kinaniuma siku 10 kwa mwezi. Kwa hiyo siumwi?

Unaumwa, ndugu yangu. MIDAS inahesabu kazi iliyopotea, na wewe unaendesha huku kichwa kinagonga kwa sababu siku usiyotoka hakuna hesabu ya tajiri. Kwa watu kama wewe HIT-6 inaona zaidi, maana inauliza uchovu, kero na umakini. Siku za namba 3 usiendeshe kabisa, na uziandike kama ulivyozikosa.

*Dada kutoka Mombasa:* Niko wiki ya 3 ya propranololi, sioni kitu. Niache?

Bado mapema, dada. Tunataka walau wiki 8 tangu ufikie dozi uliyokusudiwa, si tangu kidonge cha kwanza. Ila ukianza kubanwa kifua au kukorota, hilo halingoji hesabu, rudi kituoni leo. Mwenye pumu hapaswi kupewa dawa hiyo. Na usiikate ghafla.

*Dada kutoka Mombasa:* Na Ramadhani ikiingia katikati?

Andika "R" kwenye maelezo kila siku uliyofunga. Siku za mwanzo za mfungo, njaa, kiu na kukosa chai au kahawa ya asubuhi huleta kichwa kwa watu wengi. Kipindi hicho usikilinganishe na cha mwanzo kisha ukailaumu dawa. Hesabu kipindi kinachofuata.

*Mwanachama, Dodoma:* Kuna siku ambayo daftari linawekwa pembeni?

Ipo. Maumivu makali kuliko yote maishani yaliyolipuka ghafla, homa na shingo kukaza, mkono au mguu kulegea, mdomo kwenda upande, kuchanganyikiwa, kichwa kipya kwa mjamzito au kwa aliyevuka miaka 50. Nenda hospitali kwanza. Daftari utalijaza ukirudi.