Kabla ya kuanza kuandika makala kwenye tovuti ya nyumba ya wageni

Mwenye nyumba ya wageni Bagamoyo akitaka tovuti yake isilale, aanze na WhatsApp ya biashara. Mada zimo humo. Kaole ni mbali kwa bajaji? Mwezi wa nne mvua haitatukwamisha? Tamasha mwaka huu lini? Watu wanaomuuliza hivyo ndivyo wanavyouliza Google pia, kwa maneno yaleyale. Achague maswali sita yanayojirudia, makala moja kila miezi miwili. Anayeahidi kuandika kila wiki, kwa kawaida Februari haimkuti.

Kalenda yenyewe ni jedwali la Google Sheets lenye safu nne: swali, lini wageni huanza kuliuliza, lini makala iwekwe, na lini irudiwe kuhaririwa. Safu ya pili ndiyo watu huiruka, na ndiyo inayoamua nyingine zote. Chukua tamasha la sanaa la TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo. Tuseme mwaka huo liko Novemba, na simu za vyumba huanza Septemba. Tovuti ndogo inaweza kungoja siku kadhaa, hata wiki kadhaa, kabla Google haijauingiza ukurasa wake mpya, na kupanda juu kwenye matokeo ya utafutaji ni safari nyingine. Basi makala iwe hewani mwishoni mwa Julai. Ukiiweka wiki ya tamasha, watakaoisoma wameshalipia chumba kwa jirani. Tarehe haijatangazwa? Andika usafiri, vyumba na maegesho. Tarehe utaijaza ikitoka.

Anwani ya ukurasa nayo iamuliwe mapema. Usiipe mwaka, kama `/tamasha-2025`, kwa sababu mwakani utalazimika kuanza upya na ukurasa usiojulikana. Weka `/tamasha-bagamoyo`, kisha kila Julai hariri palepale, ili viungo vya walioutaja ukurasa huo viendelee kukufaa. Kuhariri ni kubadilisha yaliyomo. Kugeuza tarehe ya juu peke yake hakusaidii kitu.

Kabla ya makala ya kwanza, kama tovuti ni ya WordPress, fungua Settings, halafu Reading, utazame kisanduku cha "Discourage search engines from indexing this site". Mafundi hukitia tiki wakati wa ujenzi, wakakabidhi kazi bila kuitoa. Hapo hata uandike vizuri namna gani, hupatikani. Kisha isajili tovuti kwenye Search Console, huduma ya Google inayokuonyesha tovuti yako inavyopatikana kwenye utafutaji. Ukishachapisha, bandika anwani ya makala kwenye kisanduku cha juu humo na ubofye "Request indexing". Siku ikijibu "URL is on Google", ujue umeingia tu, bado hujapanda.

Mwezi mmoja baadaye fungua Performance humo humo Search Console. Ukikuta ukurasa umeonekana mara nyingi lakini wanaobofya ni wachache mno, anza kukishuku kichwa cha habari. "Karibuni Bagamoyo" hakimjibu mtu chochote. "Tamasha la Bagamoyo: tarehe, usafiri na vyumba" kinamjibu kabla hajabofya.